Namba Tatu Katika Jedwali la Rigresheni: Zilipo na Zinachosema

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata mwisho wa kipindi, mkononi ana karatasi aliyotoka kuichapa. "Shikamoo mwalimu. Naomba uniangalizie kama nimepatia." Darasa zima nilikuwa nimelipa zoezi moja: wafanye rigresheni kwa Excel, kisha waandike namba tatu tu, yaani mteremko, R mraba na thamani ya p. Yeye alikuwa ameandika mteremko 178.7, R mraba 0.8636 na thamani ya p 2.43. Pembeni akaongeza kwa kalamu: "p ni kubwa sana, kwa hiyo mbolea haisaidii."

Namba zote tatu zilikuwa kwenye jedwali lake, hakubuni hata moja. Kosa lilikuwa la aina moja na alilirudia mara tatu: kila alipotakiwa kusoma, jicho lilitua safumlalo moja juu ya ile sahihi. Excel ilikuwa imekokotoa vizuri, lakini hitimisho likatoka kinyume kabisa na kile namba zilichokuwa zinasema. Nilivuta kiti tukapitia karatasi ile pamoja, na maelezo niliyompa ndiyo haya.

Zoezi lenyewe

Takwimu za zoezi nilizipanga mwenyewe kwa ajili ya kufundishia, hazikutoka kwenye utafiti wa mahali popote. Chukulia kuna vipande kumi vya shamba la mahindi, kila kimoja robo eka. Kila kipande kimewekewa kiasi fulani cha mbolea ya urea, kuanzia kilo 5 hadi kilo 25, na kila kiasi kimewekwa kwenye vipande viwili. Kipande gani kipate kiasi gani, kiliamuliwa kwa kura. Wakati wa mavuno, mahindi ya kila kipande yalipimwa kwa kilo. Kwenye Excel takwimu zinakaa hivi:

```
      A         B
1   Mavuno    Mbolea
2    190        5
3    228        5
4    215       10
5    262       10
6    240       15
7    301       15
8    268       20
9    325       20
10   310       25
11   351       25
```

Andika namba tupu. Ukiandika "190 kg" ndani ya kisanduku, Excel italiona hilo kuwa neno na itakataa kukokotoa. Kipimo kiandike kwenye daftari lako au kwenye kichwa cha safuwima, maana utakihitaji baadaye.

Kifaa cha kufanyia kazi hii kinaitwa Analysis ToolPak. Kimo ndani ya Excel lakini huwa kimezimwa. Kwenye Windows fungua `File`, kisha `Options`, kisha `Add-ins`. Chini ya dirisha, penye `Manage`, hakikisha pameandikwa `Excel Add-ins`, bofya `Go`, weka tiki kwenye `Analysis ToolPak`, maliza kwa `OK`. Kwenye Mac njia inaanzia `Tools`, halafu `Excel Add-ins`. Ukishamaliza, kichupo cha `Data` kitakuwa na kitufe kipya, `Data Analysis`. Kibofye, chagua `Regression`.

Dirisha linalofunguka lina mambo mengi, ila ya kujaza ni matatu. Kwenye `Input Y Range` weka `A1:A11`, kwa kuwa Y ni kile unachotaka kukielezea, na hapa ni mavuno. Kwenye `Input X Range` weka `B1:B11`, kwa kuwa X ni kile unachotumia kuelezea, na hapa ni mbolea. Kisha weka tiki kwenye `Labels`, ili Excel ijue kwamba safumlalo ya kwanza ni majina. Kisanduku cha `Constant is Zero` kiache kitupu. Bofya `OK`, na karatasi mpya itafunguka ikiwa na jedwali. Nimelipunguza hapa, nikabakiza sehemu tunazozihitaji:

```
SUMMARY OUTPUT

Regression Statistics
Multiple R           0.8636
R Square             0.7459
Adjusted R Square    0.7141
Standard Error       27.78
Observations         10

ANOVA
             df      SS
Regression    1    18120.2
Residual      8     6173.8
Total         9    24294.0

           Coefficients  Standard Error  t Stat  P-value
Intercept     178.70         20.60        8.67   2.43E-05
Mbolea          6.02          1.24        4.85   0.00128
```

Jedwali likikaa kwenye karatasi mpya, namba zetu tatu zina anwani maalumu. R mraba iko `B5`, mteremko uko `B18`, na thamani ya p ya mteremko iko `E18`. Namba za yule mwanafunzi zilitoka `B4`, `B17` na `E17`. Sasa tuone kila moja inajibu swali gani, kwa sababu anayejua swali hachanganyi majibu.

Mteremko: kilo moja zaidi inaleta nini?

Nenda kwenye jedwali la chini kabisa. Safuwima ya `Coefficients` ina namba mbili. Ya juu, 178.70, iko mbele ya neno `Intercept`. Ya chini, 6.02, iko mbele ya jina la safuwima yako ya X, yaani `Mbolea`. Usipoweka tiki kwenye `Labels`, ukachagua namba tu bila vichwa, utaona `X Variable 1` mahali pa jina hilo. Mteremko ni hii ya chini.

Namba zote mbili zinaunda mstari mmoja ulionyooka:

```
Mavuno = 178.70 + 6.02 × Mbolea
```

Mteremko unasema kwamba kila kilo moja ya urea inayoongezwa inaambatana na ongezeko la wastani wa kilo 6.02 za mahindi kwenye robo eka. `Intercept` ni mahali mstari unapoanzia mbolea ikiwa sifuri, yaani kilo 178.7. Ndiyo maana kuita 178.7 mteremko ni kosa kubwa. Angekuwa anamwambia mkulima kwamba kilo moja ya mbolea inamletea karibu magunia mawili ya mahindi.

Mteremko hausomwi bila vipimo vyake. Kwetu ni kilo za mahindi kwa kila kilo ya mbolea. Kama ungepima mbolea kwa mifuko ya kilo 50, Excel ingekupa mteremko wa 301, kwa kuwa 6.02 mara 50 ni 301. Shamba ni lile lile na mbolea ni ile ile, kilichobadilika ni kipimo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha mteremko mkubwa, kabla hujashangaa muulize umepimwa kwa nini na kwa kila nini.

Vipimo ndivyo pia vinavyofichua kosa la kubadilisha X na Y. Ukiweka mbolea kwenye sehemu ya Y na mavuno kwenye sehemu ya X, Excel haitalalamika. R mraba itabaki 0.7459, na thamani ya p ya mteremko itabaki 0.00128. Kwenye rigresheni ya X moja, hizo mbili hazijali nani ni nani. Kitakachobadilika ni mteremko, ambao utakuwa 0.1239, na `Intercept`, ambayo itakuwa hasi 18.33. Ukisoma kwa vipimo utashtuka papo hapo: kilo moja ya mahindi inaongeza kilo 0.12 za mbolea? Mahindi hayazai mbolea. Rudi kwenye dirisha ubadilishe.

Mpaka mwingine wa kuzingatia ni pale takwimu zako zinapoishia. Sisi tulipima kuanzia kilo 5 hadi 25. Mstari hauna habari ya kilichoko kwenye kilo 60, na mkulima yeyote anajua kwamba mbolea ikizidi mno hukausha mmea. Hata ile 178.7 ya kwenye mbolea sifuri ni makisio, kwa sababu hatukuwa na kipande hata kimoja kisichowekewa mbolea.

R mraba: mbolea imeelezea kiasi gani cha tofauti?

Swali la pili ni tofauti kabisa na la kwanza. Vipande havikutoa mavuno sawa. Kimoja kilitoa kilo 190 tu, kingine 351. Tofauti hizo zimesababishwa na mambo mengi. Je, kiasi gani cha tofauti hizo kinakwenda sambamba na mbolea?

Excel inapima hivi. Fikiria mtu anataka kukisia mavuno ya kipande bila kuambiwa kiliwekewa mbolea kiasi gani. Kisio lake la busara ni wastani wa vipande vyote, ambao ni kilo 269. Chukua kipande kilichowekewa kilo 20 kikatoa kilo 325. Mtu huyu amekosea kwa kilo 56. Sasa mpe mstari wetu. Atapiga 6.02 mara 20, ajumlishe 178.7, apate 299.1. Safari hii amekosea kwa kilo 25.9. Hajapatia, lakini amesogea.

Fanya hivyo kwa vipande vyote kumi. Kila kosa lizidishe kwa lenyewe, ili makosa ya juu na ya chini yasifutane, halafu jumlisha. Makosa ya mtu anayetumia wastani yanafika 24,294. Makosa ya anayetumia mstari ni 6,173.8. Huna haja ya kuzikokotoa mwenyewe, kwani Excel imeziweka katikati ya jedwali, chini ya `SS`. Ile ya kwanza iko mbele ya `Total`, ya pili iko mbele ya `Residual`, yaani mabaki. Kilichopungua kati yao, 18,120.2, kiko mbele ya `Regression`. Gawanya 18,120.2 kwa 24,294 na utapata 0.7459.

Hiyo ndiyo R mraba. Inasema kwamba karibu asilimia 75 ya tofauti za mavuno zinakwenda pamoja na mbolea, na asilimia 25 iliyobaki inatokana na mambo mengine. Iko penye `R Square`. Jirani yake wa juu, `Multiple R`, ni kipeuo chake cha pili: 0.8636 mara 0.8636 ni takribani 0.7459. Kwa kuwa siku zote namba hii iko kati ya 0 na 1, `Multiple R` haiwezi kuwa ndogo kuliko `R Square`, na anayeichukua kimakosa huwa anajisifia kuliko alivyostahili. Jirani wa chini, `Adjusted R Square`, ni R mraba iliyopunguzwa kidogo kulingana na idadi ya X ulizotumia. Utaihitaji ukilinganisha rigresheni zenye idadi tofauti za X.

R mraba haikuambii kwamba mteremko ni mkubwa au mdogo, wala haikuambii kwamba asilimia 75 ya mahindi yameletwa na mbolea. Inazungumzia tofauti kati ya kipande na kipande, basi.

Thamani ya p: je, inawezekana ni bahati tu?

Sasa tuna mteremko wa 6.02 kutoka vipande kumi tu. Mtu mwenye shaka anaweza kusema: "Pengine mbolea haina lolote. Imetokea tu kwamba vipande vilivyopata mbolea nyingi ndivyo vilivyokuwa na bahati." Shaka hiyo ni ya haki, na thamani ya p ndiyo jibu lake.

Ili kuielewa, chukua vikaratasi kumi uandike mavuno yote kumi, kimoja kimoja. Vitie kwenye kofia, uvichanganye, kisha uvitoe bila kuangalia na kuvipanga mbele ya viwango vya mbolea. Umetengeneza shamba ambalo mbolea kweli haina uhusiano wowote na mavuno, kwa kuwa mavuno yamepangwa na kofia. Kokotoa mteremko wa shamba hilo. Labda utapata 1.4, labda hasi 2. Mara chache utapata mkubwa zaidi, kwa bahati tupu. Rudia zoezi mara 10,000 na uhesabu ni mara ngapi mteremko ulifika umbali wa 6.02 au zaidi kutoka sifuri, uwe wa kupanda au wa kushuka.

Excel haitumii kofia, inatumia kanuni. Inachukua mteremko, 6.02, na kuugawa kwa `Standard Error` iliyo pembeni yake, 1.24. Hiyo ni kiasi ambacho mteremko ungeyumba kama ungerudia jaribio zima upya. Inapata `t Stat` ya 4.85, na kutoka hapo inapata thamani ya p: 0.00128, ambayo ni takribani mara 13 katika 10,000. Yaani kama mbolea haihusiani kabisa na mavuno, mteremko wa kiasi hiki ungejitokeza kwa nadra kiasi hicho. Mwenye shaka bado anaweza kushikilia kwamba ni bahati, lakini sasa inambidi aamini bahati isiyo ya kawaida.

Zingatia neno "kama" hapo juu. Thamani ya p inaanza kwa kudhani hakuna uhusiano, halafu inapima takwimu zako zingekuwa za ajabu kiasi gani chini ya dhana hiyo. Kwa hiyo si sahihi kusema "kuna uwezekano wa asilimia 0.13 kwamba mbolea haifanyi kazi." Makosa haya yamo hata kwenye ripoti za watu waliosoma sana, na chanzo chake ni kusahau "kama".

Kwa kawaida watu hulinganisha p na 0.05. Mpaka huu ulienezwa na Ronald Fisher, mtakwimu Mwingereza, kupitia kitabu alichokitoa mwaka 1925. Wakati huo alikuwa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, akichambua majaribio ya mbolea na mazao, mambo yasiyo mbali na zoezi letu. Ulikuwa mpaka wa kurahisisha kazi, mara moja katika ishirini. Shamba halibadiliki p inapotoka 0.049 kwenda 0.051.

Turudi kwenye 2.43 ya mwanafunzi wangu. Kwanza ilikuwa ya `Intercept`, ambayo kwa kawaida haihusiani na swali letu: inasema tu kwamba mstari hauanzii sifuri. Pili, haikuwa 2.43. Kwenye kisanduku iliandikwa `2.43E-05`. Herufi E na namba inayoifuata ni agizo la kusogeza nukta: hasi 05 inamaanisha isogeze kushoto mara tano. Kwa hiyo ni 0.0000243. Thamani ya p ni uwezekano, na uwezekano hauzidi 1. Ukiona p iliyo kubwa kuliko 1, ujue umesoma vibaya. Panua safuwima kwanza, maana ikiwa nyembamba Excel hufupisha namba ndefu na kukuonyesha kitu kama `2E-05`.

Kilichobaki kina mwenyewe

Tulipofika hapo nilimwomba achore grafu ya nukta: chagua namba, nenda `Insert`, chagua `Scatter`, kisha bofya nukta kwa kitufe cha kulia na uchague `Add Trendline`. Ukichora, hakikisha mbolea iko kwenye mhimili wa chini, maana Excel huchukua safuwima ya kushoto kuwa X, na kwetu safuwima ya kushoto ni mavuno. Akaitazama kwa muda. "Mwalimu, mbona kila penye mbolea sawa, nukta moja iko chini ya mstari na nyingine juu?"

Alikuwa ameona kitu ambacho hakuna namba hata moja kati ya zile tatu ingemwonyesha. Nilipopanga takwimu nilikusudia kipande cha kwanza cha kila jozi kiwe mwinukoni, na cha pili kiwe bondeni, penye udongo unaotunza unyevu. Tukaongeza safuwima C, tukaiita `Bonde`, tukaandika 0 kwa kipande cha mwinukoni na 1 kwa cha bondeni. Kisha tukarudia rigresheni, Y ikiwa ile ile, X sasa ikiwa `B1:C11`. Excel inataka safuwima za X ziwe zimepakana, na hiyo ndiyo sababu mavuno niliyaweka A tangu mwanzo.

Mteremko wa mbolea ulibaki 6.02 vile vile, kwa sababu kila kiasi cha mbolea kilikuwa kimewekwa mara moja mwinukoni na mara moja bondeni. Chini yake ikaja safumlalo mpya, `Bonde`, yenye 48.8: kwa mbolea ile ile, kipande cha bondeni kilizidi kwa wastani wa kilo 48.8. R mraba ikapanda kutoka 0.746 hadi 0.991. Kwenye shamba halisi usitegemee namba nzuri kiasi hicho, ila somo ni lile lile. Asilimia 25 ambayo mbolea haikuielezea haikuwa fujo isiyo na chanzo, karibu yote ilikuwa ya bonde.

Ukisogea kulia kwenye jedwali hilo hilo utakuta `Lower 95%` na `Upper 95%`. Hizo zinaonyesha eneo ambamo mteremko wa kweli unaweza kuwa, kwa kadiri takwimu zinavyoturuhusu kusema. Kabla ya kuongeza bonde, eneo lilikuwa kutoka 3.16 hadi 8.88. Baada ya kuongeza, likawa kutoka 5.43 hadi 6.61. Jibu la katikati halikusogea, lakini uhakika wake ulikua. Kwa mkulima tofauti hii ina uzito. Kama kilo moja ya urea inauzwa kwa bei ya kilo tano za mahindi, eneo la kwanza linamwacha kwenye wasiwasi wa kupata hasara, na la pili linamwambia gharama ya mbolea inarudi. Thamani ya p peke yake isingemjibu hilo. p inaweza kuwa ndogo mno huku mteremko ukiwa mdogo kiasi cha kutolipa mbolea.

Grafu hiyo ilipaswa kuja kwanza, kabla ya jedwali lolote. Mwaka 1973 mtakwimu Francis Anscombe alichapisha seti nne za takwimu, kila moja ikiwa na jozi kumi na moja za namba. Ukizifanyia rigresheni, zote nne zinakupa mteremko wa 0.50, R mraba ya 0.67 na thamani ya p ya takribani 0.002. Ukizichora, ya kwanza ni nukta zilizotawanyika kuufuata mstari kama inavyotarajiwa. Ya pili ni tao. Ya tatu imenyooka vizuri, ila nukta moja iliyo mbali imeuvuta mstari upande wake. Ya nne ina nukta kumi zilizopangana wima mahali pamoja, na mteremko wote umeletwa na nukta moja tu iliyo peke yake. Jedwali la Excel haliwezi kuzitofautisha, jicho lako linaweza.

Kabla ya kuandika ripoti

Jedwali la `Regression` halijifanyii marekebisho. Ukigundua baadaye kwamba 215 ilipaswa kuwa 251, ukairekebisha, jedwali litabaki na majibu ya zamani hadi ulifanye upya. Njia ya kujilinda ni kuandika kanuni hizi mbili kwenye visanduku vitupu vya karatasi yenye takwimu, kwa kuwa zenyewe hubadilika papo hapo:

```
=SLOPE(A2:A11,B2:B11)
=RSQ(A2:A11,B2:B11)
```

Y inatangulia, X inafuata. Zikikupa 6.02 na 0.7459 sawa na jedwali la mbolea peke yake, umesoma visanduku sahihi na takwimu hazijabadilika tangu ulipokokotoa.

La mwisho ni neno moja la kuchunga kwenye sentensi yako. Hapa tunaweza kusema mbolea *iliongeza* mavuno, kwa sababu kura ndiyo iliyoamua kipande kipi kipate kiasi gani. Kama wakulima wangejichagulia wenyewe, huenda wenye uwezo wa kununua mbolea nyingi wangekuwa pia na mbegu bora na vibarua wa kupalilia kwa wakati. Excel ingetoa jedwali lile lile, lakini ungelazimika kusema *iliambatana na*.

Kesho yake mwanafunzi wangu aliniletea karatasi nyingine. Safari hii hakuandika namba tatu, aliandika sentensi: "Kwenye vipande 10 vya robo eka, kila kilo ya urea iliyoongezwa kati ya kilo 5 na 25 iliongeza wastani wa kilo 6.02 za mahindi (p = 0.0013), na mbolea peke yake ilielezea asilimia 75 ya tofauti za mavuno, sehemu kubwa ya tofauti iliyobaki ilitokana na kipande kuwa mwinukoni au bondeni." Niliisoma mara mbili, nikaweka tiki.